Thamani aigeni zote kwa mpigo: polinomia, kuzidisha tena na tena, au QR?

Darasani tunafundishwa njia moja ya kutafuta thamani aigeni. Unaandika determinanti ya A − λI, inakuzalia polinomia, unatafuta mizizi yake. Kwa matriksi ya 2 kwa 2 ni kazi ya dakika moja, na ya 3 kwa 3 bado inavumilika kwa kalamu. Lakini ukiwa na matriksi ya 50 kwa 50 na unataka thamani aigeni zote, si ile kubwa peke yake, basi njia hiyo ndiyo ya kwanza kuwekwa kando. Programu za hesabu ziliiacha miaka mingi iliyopita. Nyingi sana kati yao hutumia algoriti ya QR au ndugu zake wa karibu.

Hapa naziweka njia tatu ubavu kwa ubavu: polinomia, kuzidisha tena na tena, na QR. Ya tatu nitaikalia muda mrefu zaidi, kwa sababu ndani yake mna mbili: QR tupu, ambayo unaweza kuiandika kwa mistari mitano, na QR inayotumika kweli. Ukizichanganya hizo mbili utadhani QR ni ya polepole, na si kweli.

Kwanza tukubaliane tunatafuta nini. Thamani aigeni ya matriksi A ni namba λ ambayo ipo vekta v, isiyo sifuri, inayotimiza Av = λv. Kwa maneno mengine, A inaigusa v na kuirefusha au kuifupisha tu, bila kuitoa kwenye mstari wake. Matriksi yetu ya mfano itakuwa moja mwanzo hadi mwisho:

```
A = | 3  1 |
    | 1  3 |
```

Njia ya darasani inatupa λ² − 6λ + 8 = 0, kwa hiyo majibu ni 4 na 2. Tunayajua mapema, na hilo ni jambo jema: tutaona kila njia inayafikiaje.

Njia ya polinomia

Ubaya wake wa kwanza ni kwamba hakuna kanuni. Kuanzia kipeo cha tano kwenda juu, imethibitishwa kwamba hakuna fomula ya jumla ya mizizi inayotumia kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na vipeuo pekee. Kwa hiyo kwa matriksi ya 5 kwa 5 au zaidi, njia yoyote utakayochagua itabidi ikaribie jibu hatua kwa hatua. Hapo hakuna njia iliyo bora kuliko nyingine, wote wako kwenye mashua moja.

Ubaya wa pili ndio unaoiua. Vizidishi vya polinomia, yaani zile namba zinazozidisha x, x², x³ na kuendelea, ni mahali pabaya sana pa kuhifadhia habari za mizizi. James Wilkinson wa maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza alilionyesha hili kwa mfano ambao mpaka leo unasumbua. Chukua polinomia yenye mizizi 1, 2, 3, mpaka 20. Mizizi imeachana vizuri, hakuna iliyobanana na mwenzake. Ukiifungua mabano, kizidishi cha x¹⁹ ni −210. Sasa kiongezee kosa dogo la 2⁻²³ kiwe −210.0000001192. Hakuna kingine ulichogusa. Mizizi midogo inabaki karibu ilipokuwa, lakini kumi kati ya ile mikubwa inaacha kabisa kuwa namba halisi. Iliyokuwa 16 na 17 inageuka kuwa jozi ya namba changamano, takriban 16.73 ± 2.81i. Kosa la sehemu ya saba ya desimali limezaa kosa la karibu tatu nzima.

Linganisha na matriksi linganifu, yaani ile ambayo juu na chini ya ulalo wake mkuu panafanana, ambayo thamani aigeni zake ni hizo hizo 1 hadi 20. Ukiipa matriksi hiyo usumbufu linganifu wenye ukubwa wa 0.0000001, hakuna thamani aigeni itakayosogea zaidi ya 0.0000001. Hii si bahati, ni sifa iliyothibitishwa ya matriksi linganifu. Kwa hiyo tatizo la asili lilikuwa salama, na sisi ndio tuliolihamishia mahali pa hatari tulipolipitisha kwenye polinomia.

Kuna kichekesho hapa kwa wanaotumia NumPy. Ukiita `np.roots` ili upate mizizi ya polinomia, ndani yake inatengeneza matriksi kutokana na vizidishi, kisha inatafuta thamani aigeni za matriksi hiyo. Na `np.poly` ukiipa matriksi, inatafuta thamani aigeni kwanza ndipo inaunda polinomia. Waandishi wa programu wameigeuza njia ya darasani kichwa chini miguu juu.

Hukumu yangu: polinomia ni ya 2 kwa 2, na ya mtihani.

Kuzidisha tena na tena

Njia ya pili ni nyepesi kiasi kwamba mtu anaweza kuidharau. Chukua karibu vekta yoyote, izidishe kwa A, kisha izidishe tena, na tena. Sehemu ya vekta iliyoelekea upande wa thamani aigeni kubwa inakua haraka kuliko nyingine zote, na mwishowe inazimeza.

Tuanze na vekta (1, 0). Kuizidisha kwa A mara moja kunatupa (3, 1). Mara ya pili, (10, 6). Mara ya tatu, (36, 28). Uwiano wa namba ya pili kwa ya kwanza unapanda: 0.33, kisha 0.6, kisha 0.78. Unaelekea 1, kwa sababu vekta aigeni ya 4 ni (1, 1). Ili kukisia thamani aigeni yenyewe, unachukua vekta uliyo nayo, unaizidisha kwa zao la nukta na vekta inayoifuata, yaani A mara vekta hiyo, kisha unagawanya kwa mraba wa urefu wake. Kwa (3, 1) unapata (3×10 + 1×6) / 10 = 3.6. Kwa (10, 6) unapata 528 / 136 = 3.882. Zikumbuke namba hizi mbili, zitarudi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji kuigusa matriksi kwa ndani. Inahitaji tu uweze kuzidisha A na vekta. Kama A ni kubwa na imejaa sifuri, kuzidisha huko ni rahisi sana.

Ubaya wake ni kwamba inakupa thamani aigeni moja tu, ile yenye ukubwa zaidi bila kujali alama. Ukitaka ya pili, unaiondoa ya kwanza kwenye matriksi na kuanza upya, na ya tatu vilevile. Kila unapoondoa, unaondoa makadirio, si thamani kamili, kwa hiyo kosa la kila hatua linarithiwa na inayofuata. Ukifika ya arobaini hujui tena unachokisoma. Na zikitokea mbili zenye ukubwa sawa, mfano 5 na −5, vekta inayumba huku na huku bila kutulia.

Wazo linalokuja lenyewe ni hili: badala ya kuzidisha vekta moja, kwa nini tusizizidishe nyingi kwa pamoja? Shida ni kwamba zote zitavutwa upande ule ule wa thamani aigeni kubwa, na baada ya hatua chache zitakuwa zimelaliana. Dawa ni kuzilazimisha, kila baada ya kuzidisha, zisimame tena kwa pembe mraba. Ya kwanza inaachwa iende inakotaka. Ya pili inanyang'anywa sehemu yote iliyoelekea upande wa ya kwanza, ya tatu inanyang'anywa sehemu za mbili zilizotangulia, na kuendelea. Hivyo ya kwanza inafuata thamani aigeni kubwa kabisa, na ya pili, kwa kuwa imezuiwa kwenda huko, inafuata inayofuatia kwa ukubwa.

Hilo ndilo wazo lote la QR. Kilichobaki ni namna nadhifu ya kuliandika.

QR tupu

Matriksi yoyote ya mraba yenye namba halisi inaweza kuandikwa kama zao la mbili, A = QR. Q ina safu wima zilizosimama kwa pembe mraba zenye urefu wa 1 kila moja, kwa hiyo inazungusha au kupindua tu, haibadili urefu. R ni ya pembetatu ya juu, yaani chini ya ulalo mkuu ni sifuri tupu. Q ndiyo ile kazi ya kusimamisha vekta, na R ni kumbukumbu ya kilichonyang'anywa.

Algoriti inasema: ipasue A kuwa Q na R, kisha zizidishe kwa kinyume, R mbele na Q nyuma. Unapata matriksi mpya. Ipasue nayo, geuza, zidisha. Endelea.

Kwa nini kugeuza mpangilio kusiharibu majibu? Kwa kuwa R = Q⁻¹A, zao la RQ ni sawa na Q⁻¹AQ. Hiyo ni A ile ile ikitazamwa kutoka pembe nyingine, na kubadili pembe ya kutazama hakubadili thamani aigeni. Hapo ndipo penye usalama wa QR: kila hatua ni mzunguko, mzunguko hauvimbishi makosa, na mpaka mwisho unashughulika na matriksi yenye thamani aigeni zile zile.

Tuifanye kwa mkono mara moja. Safu wima ya kwanza ya A ni (3, 1), urefu wake √10. Kwa hiyo safu ya kwanza ya Q ni (3, 1)/√10, na ya pili, iliyosimama wima dhidi yake, ni (−1, 3)/√10. R inatoka kuwa na 10 na 6 juu, sifuri na 8 chini, vyote vikigawanywa kwa √10. Zidisha RQ:

```
A1 = | 3.6  0.8 |      A2 = | 3.882  0.471 |
     | 0.8  2.4 |           | 0.471  2.118 |
```

A2 imepatikana kwa kurudia kazi ile ile juu ya A1. Tazama pembe ya juu kushoto: 3.6, kisha 3.882. Ndizo zile zile tulizozipata kwa kuzidisha vekta (1, 0). Safu ya kwanza ya QR ni njia ya kuzidisha tena na tena, tarakimu kwa tarakimu. Tofauti ni kwamba wakati huo huo pembe ya chini kulia imetoka 3 ikaenda 2.4, kisha 2.118, inaitafuta 2. Thamani aigeni zote mbili zinakuja kwa pamoja, na namba ya nje ya ulalo inayeyuka. Ikiisha kuyeyuka, ulalo wenyewe ndio jibu.

Ukitaka kuiona kwenye kompyuta yako:

```python
import numpy as np

A = np.array([[3.0, 1.0], [1.0, 3.0]])
for k in range(10):
    Q, R = np.linalg.qr(A)
    A = R @ Q
print(A)
```

Usishtuke kama alama ya namba za nje ya ulalo inatoka hasi. NumPy ina uhuru wa kuchagua alama za safu za Q, na hilo haligusi ulalo.

Sasa udhaifu wake. Namba ya nje ya ulalo inapungua kwa uwiano wa thamani aigeni mbili zinazopakana, hapa 2/4, yaani inakatwa nusu kila hatua. Nusu inavumilika. Lakini zikiwa 1.00 na 0.99, kila hatua inapunguza asilimia moja tu, na kushusha kosa hadi sehemu moja ya milioni kutadai hatua karibu 1,400. Na kwa matriksi kubwa iliyojaa namba zisizo sifuri, kila hatua inagharimu mahesabu ya kiwango cha n³. Kwa n = 1,000 hiyo ni mabilioni ya mahesabu kwa kila hatua moja. Zidisha kwa 1,400 utaelewa kwa nini hakuna anayeitumia hivi ilivyo.

QR inayotumika kweli

Mabadiliko mawili yanaigeuza kuwa kitu kingine kabisa.

La kwanza ni kusogeza. Badala ya kupasua A, chagua namba σ, pasua A − σI, geuza na zidisha kama kawaida, kisha rudisha σI. Thamani aigeni zote zinakuwa zimesogezwa kwa σ wakati wa kazi na kurudishwa baada yake, kwa hiyo majibu hayaharibiki. Kinachobadilika ni kasi. Sasa uwiano unaotawala pembe ya chini ni umbali wa σ hadi thamani aigeni iliyo karibu nayo, ukigawanywa kwa umbali wa σ hadi inayofuata kwa ukaribu. Ukikisia vizuri, sehemu ya juu ya uwiano ni ndogo mno. Na tuna mahali pazuri pa kukisia: pembe ya chini kulia yenyewe, ambayo kila hatua inazidi kuikaribia thamani aigeni.

Tuanzie kwenye A1, tusogeze kwa σ = 2.4. Hatua inayofuata σ iwe pembe mpya ya chini, na kuendelea. Hizi hapa namba za nje ya ulalo, bila alama:

| Hatua | QR tupu | QR yenye kusogeza |
|---|---|---|
| 1 | 0.8 | 0.8 |
| 2 | 0.471 | 0.246 |
| 3 | 0.246 | 0.0039 |
| 4 | 0.125 | 0.000000015 |

Hatua ya 1 ni ile ile kwa zote mbili, tofauti inaanzia ya 2. QR tupu ingehitaji hatua 27 kufika mahali ambapo mwenzake amefika kwa nne. Siri iko hivi: kwa matriksi linganifu, kosa jipya ni takriban mchemraba wa kosa la zamani likigawanywa kwa namba ya kawaida. Mchemraba wa 0.246 ni kama 0.0149, ukigawanya kwa 3.8 unapata 0.0039. Kosa likishakuwa dogo, linaporomoka. Kwenye ulalo wa hatua ya 4 tayari unasoma 4 na 2 kwa usahihi wote ambao kompyuta ya kawaida inaweza kuuhifadhi.

Utauliza kwa nini sikuanza kusogeza kwenye A yenyewe. Jaribu. Pembe ya chini ni 3, kwa hiyo A − 3I ina sifuri kwenye ulalo na 1 pembeni. Ukiipasua, Q ni matriksi hiyo hiyo na R ni matriksi ya utambulisho. Ukigeuza na kurudisha 3, unapata A ile ile uliyoanza nayo. Utazunguka hapo mpaka umeme ukatike. Sababu ni kwamba 3 iko katikati kabisa ya 4 na 2, na algoriti haijui iende upande gani.

Wilkinson alitoa dawa ambayo bado inatumika kwa matriksi linganifu: usitumie pembe peke yake, chukua kipande cha 2 kwa 2 kilicho chini kulia, tafuta thamani aigeni zake mbili kwa fomula ya darasani, na σ iwe ile iliyo karibu zaidi na pembe. Zikilingana umbali, chagua yoyote. Kwenye A yetu, σ = 2 inamaliza kazi kwa hatua moja: ulalo unakuwa 4 na 2, nje sifuri. Bila shaka, kwa 2 kwa 2 huko ni kujipa jibu mapema, lakini kwa matriksi kubwa kipande hicho ni kisio tu, tena kisio kizuri sana. Kwa kawaida thamani aigeni moja inapatikana kwa hatua mbili au tatu hivi. Ikipatikana, safu yake ya chini inakatwa, na kazi inaendelea kwa matriksi iliyopungua kwa moja.

Badiliko la pili linahusu gharama. Kabla ya kuanza hatua zozote, matriksi inapunguzwa mara moja tu, kwa mizunguko ile ile isiyobadili thamani aigeni, mpaka chini ya ulalo ubaki mstari mmoja tu wa namba, na chini ya mstari huo pawe sifuri. Umbo hilo linaitwa la Hessenberg, kwa jina la mhandisi Mjerumani Karl Hessenberg. Kama A ilikuwa linganifu, na juu pia panafyekwa, unabaki na mistari mitatu tu. Jambo zuri ni kwamba hatua ya QR hailiharibu umbo hili. Kwa hiyo kila hatua inashuka kutoka kiwango cha n³ hadi n², na kwa linganifu hadi n peke yake ukitaka thamani aigeni tu. Kwa n = 1,000, hatua iliyokuwa ya mabilioni inakuwa ya mamilioni.

Linabaki swali la namba changamano. Matriksi ya namba halisi inaweza kuwa na jozi kama 1 ± 2i, na ukifanya kazi kwa namba halisi tu, jozi hiyo haiwezi kukaa kwenye ulalo. Unachokiona ni kipande cha 2 kwa 2 kinachokataa kuyeyuka, na hilo si kosa: kipande hicho ndicho jozi yenyewe, unakimalizia kwa fomula ya darasani. Ili kuzikimbilia jozi hizi bila kuingiza namba changamano kwenye mahesabu, Mwingereza John Francis alitunga namna ya kufanya misogezo miwili kwa mkupuo. Makala zake zilitoka 1961 na 1962. Vera Kublanovskaya wa Leningrad aliifikia QR wakati huo huo, kila mmoja bila kumjua mwenzake, na wote walikuwa wanaijenga juu ya kazi ya Heinz Rutishauser wa Zurich, aliyetangulia na algoriti ya LR. Francis aliuacha uwanja huu mapema, na alipotafutwa na kupatikana mwaka 2007, hakuwa na habari kwamba kazi yake ilikuwa imeenea dunia nzima.

Kuchagua, kwa mtu anayeandika programu

Kama matriksi imejaa, na n ni kuanzia 3 hadi elfu kadhaa, na unataka thamani aigeni zote, tumia QR ya maktaba wala usiandike ya kwako. Kwenye NumPy ni `np.linalg.eigvals`, au `np.linalg.eig` ukitaka na vekta. Zote mbili zinaita LAPACK, maktaba ya hesabu za matriksi iliyo chini yake, ambamo yote niliyoyaeleza, na ziada, yamo.

Kama ni linganifu, tumia `np.linalg.eigh` au `np.linalg.eigvalsh`. Ni za kasi zaidi, na majibu yake ni namba halisi kwa uhakika. Watu wengi hupitisha matriksi ya kovariansi kwenye `eig`, halafu wanashangaa kuona sehemu changamano za 1e-17 zimejitokeza. Mara nyingi matriksi imekosa ulinganifu kidogo kwa sababu ya makosa ya desimali. Isawazishe kwanza kwa `(A + A.T) / 2`, kisha ipeleke `eigh`. Ila tahadhari: `eigh` inasoma pembetatu ya chini tu na kuamini kwamba ya juu inafanana nayo. Ukiipa matriksi isiyo linganifu hailalamiki, inakupa majibu ya matriksi nyingine.

Kuna matriksi ambazo QR yenyewe haiwezi kuziokoa. Chukua iliyo na 1 na 1 kwenye ulalo, 1 juu yake, na sifuri chini. Thamani aigeni ni 1 mara mbili, lakini vekta aigeni ni moja tu. Pale penye sifuri weka kosa la 10⁻¹⁶, ambalo kompyuta hata hailihesabu kuwa kosa, na thamani aigeni zinakuwa 1 ± 10⁻⁸. Nusu ya tarakimu zako zimepotea. Algoriti haina hatia hapo, tatizo lenyewe ndilo lililo hivyo. Utalitambua kwa dalili: thamani aigeni mbili au zaidi zimejikusanya kuzunguka sehemu moja, zikitofautiana kuanzia tarakimu ya saba au ya nane, mara nyingine kama jozi changamano zenye sehemu ndogo mno. Ukiona hivyo, usiamini kila moja peke yake. Wastani wao kwa kawaida ni sahihi zaidi kuliko yeyote kati yao.

Ukaguzi wa haraka kwa matriksi yoyote: jumla ya thamani aigeni lazima ilingane na jumla ya ulalo wa A. Katika mfano wetu kila hatua ilijumlisha 6, hata zile za katikati: 3.6 na 2.4, 3.882 na 2.118. Jumla isipolingana, kuna kitu kimeharibika kabla hujaangalia kingine chochote.

Na mahali ambapo QR inashindwa na ile njia ya kuzidisha tuliyoiacha nyuma ni kwenye matriksi kubwa zilizojaa sifuri, kama za mitandao au za hesabu za majengo na joto. Matriksi iliyojaa ya 20,000 kwa 20,000 inakula gigabaiti 3.2 kwa kuhifadhiwa tu. Ya milioni kwa milioni ingekula terabaiti 8. Ukiipasua kwa QR, sifuri zako zote zinageuka namba na faida yake inapotea. Hapo unakubali kutopata zote, na unatumia vizazi vya njia ya kuzidisha, vya Lanczos na Arnoldi, vinavyohitaji tu zao la A na vekta. Kwenye SciPy ni `scipy.sparse.linalg.eigsh` kwa linganifu na `eigs` kwa nyingine, na usipoziambia idadi zinakuletea 6. Ukitaka zilizo karibu na namba fulani badala ya kubwa kabisa, zipe `sigma`, na hapa A ni matriksi yako kubwa iliyojaa sifuri, si ile ya mfano:

```python
from scipy.sparse.linalg import eigsh
w, V = eigsh(A, k=6, sigma=2.0)
```

Hiyo `sigma` inafuata wazo lile lile la σ ya QR. Tofauti ni kwamba hapa maktaba inatatua milinganyo ya A − σI badala ya kuizungusha, kwa hiyo ukiiweka juu ya thamani aigeni yenyewe kabisa, inaweza kugonga matriksi isiyogeuzika na kukurushia hitilafu. Isogeze kidogo pembeni, mfano 2.01, na itaendelea.